Barua ya Kumwambia Mteja Kwamba Katuni Itachelewa

Ijumaa ya tarehe 13 Juni, jioni, nilisimama mbele ya ukuta wetu nikahesabu alama za kijani. Filamu tuliyokuwa tukiichora ilikuwa na shoti 22, na kila shoti ilikuwa na karatasi yake ndogo ukutani: namba, urefu wake kwa sekunde, na duara linalopakwa kijani mwendo wake ukishakamilika. Nikajumlisha sekunde za karatasi zenye kijani. Zikawa 50. Filamu nzima ni sekunde 90, na kwa ratiba tuliyompa mteja tulikuwa tumebakiza siku mbili tu za kuchora mwendo.

Mteja alikuwa chama cha ushirika wa akiba na mikopo. Walitaka katuni fupi ya kuwaeleza wanachama jinsi mkopo unavyoombwa, unavyoidhinishwa na unavyorejeshwa. Tuliahidi kuikabidhi Ijumaa tarehe 4 Julai, ili ionyeshwe kwenye mikutano ya matawi kuanzia tarehe 12, kisha kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Jumamosi tarehe 2 Agosti. Sisi tulikuwa watu watano katika chumba kimoja Dar es Salaam: wachoraji wawili wa mwendo, mmoja wa kusafisha mistari na kupaka rangi, mmoja wa kuunganisha picha, na mimi ninayesimamia kazi na kuandika barua.

Anayeagiza katuni kwa mara ya kwanza huona dakika moja na nusu ni kitu kidogo. Kwa anayeichora si kidogo hata chembe. Televisheni zetu huonyesha fremu 25 kwa sekunde. Kwa kawaida mchoro mmoja huachwa ukae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja hula michoro kama 12 ya kila mhusika anayetembea. Sekunde 90 zenye mtu mmoja tu ni zaidi ya michoro 1,000. Na michoro hiyo huanza baada ya kazi nyingine kwisha: sauti zimerekodiwa, storibodi imechorwa, na picha zake zimewekwa juu ya sauti kwa muda kamili ili mteja aone filamu ingali mifupa. Hiyo ya mwisho tunaiita animatiki. Mteja akishaikubali animatiki, kila sekunde ya filamu imekwisha kupewa mahali pake, ndiyo maana badiliko linaloletwa baada ya hapo huwa ghali.

Nikaketi na daftari. Katika ratiba ya kwanza tulikuwa tumeandika kwamba wachoraji wawili wataimaliza kazi ya mwendo kwa siku 12, yaani sekunde saba na nusu kila siku. Tuliipata wapi hesabu hiyo? Tulijaribu shoti moja ya mzee aliyesimama peke yake akizungumza, ikatoka haraka, nasi tukaamini kwamba shoti zote zitakwenda hivyo. Shoti hazilingani. Ile ya mzee, sekunde sita, ilimchukua mchoraji siku moja. Shoti ya wanachama wanane wamezunguka meza wanahesabu fedha, sekunde nne tu, ilikula siku tatu, kwa sababu ni mikono 16 na kila mkono una safari yake. Baada ya siku 10 za kazi mwendo wetu halisi ulikuwa sekunde tano kwa siku, wachoraji wote wawili wakijumlishwa. Hiyo tano ndiyo namba pekee niliyokuwa na haki ya kuitumia. Saba na nusu ilikuwa matumaini.

Zilibaki sekunde 40. Kwa sekunde tano kila siku, ni siku nane. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Alhamisi ile bodi ya ushirika ilikuwa imetuletea ujumbe kwamba mweka hazina katika katuni, ambaye tulimchora mwanamume mwenye koti, awe mwanamke, kwa kuwa wanachama wamemchagua mama kushika nafasi hiyo. Ombi la haki kabisa. Tatizo ni kwamba mweka hazina alikuwa ameshachorwa katika shoti nne zenye jumla ya sekunde 12, na hapo huwezi kubadilisha nguo peke yake. Gauni la kitenge huyumba baada ya mwili kusimama, mkono wake una upana mwingine, kilemba hubadilisha umbo la kichwa kila anapogeuka, na midomo lazima ifuate sauti mpya. Shoti zile nne zinaanza upya. Sekunde 12, pamoja na kumsanifu mhusika mpya, nikazipa siku tatu.

Nane na tatu ni 11. Tulikuwa na mbili mkononi. Tumechelewa siku tisa za kazi: sita ni zetu kwa kukadiria vibaya, tatu zinatokana na badiliko la mteja.

Mgawanyo huo wa sita kwa tatu ndio uti wa mgongo wa barua. Asiyeufanya huangukia upande mmoja kati ya pande mbili. Ama anajitwika lawama zote, na mteja anajifunza kwamba kubadilisha mhusika katikati ya kazi hakugharimu kitu. Ama anamsukumia mteja mzigo wote, na mteja, ambaye anajua fika kwamba badiliko moja haliwezi kula wiki nzima, anaacha kuamini hata sehemu iliyo ya kweli.

Kuna maneno mengine niliyokatazana nayo: "kutokana na matatizo ya kiufundi yaliyo nje ya uwezo wetu." Nimewahi kuyaandika zamani, na ninajua kwa nini yanavutia. Wiki ile umeme ulikuwa umekatika kweli, saa tano mchana hadi saa kumi. Ningeweza kuukalia huo. Lakini saa tano za giza ni nusu siku ya kazi, na sisi tulikuwa tunadaiwa siku tisa. Mteja akisoma "matatizo ya kiufundi" hawezi kujua kama tatizo limekwisha au litarudi wiki ijayo, kwa hiyo hawezi kupanga mikutano yake. Sababu inayofaa kuandikwa ni ile inayomwezesha msomaji kuipima tarehe mpya.

Jumatatu asubuhi nilipiga simu kabla ya kutuma chochote. Kwetu barua ya namna hii ikifika bila sauti ya mtu kuitangulia huonekana ni ya mahakamani. Meneja wa ushirika ni mama wa makamo aliyetuvumilia tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi inaendeleaje?"

"Mama, filamu haitakuwa tayari tarehe nne. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla ya kukuandikia. Leo nitakuletea barua yenye tarehe mpya na sababu zake."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Na hiyo tarehe mpya ni ya kweli, au nayo ni ya kuandika tu?"

Barua ilikwenda mchana huo. Naiweka hapa nikiwa nimeondoa majina.

*

Ndugu Meneja,

YAH: KUCHELEWA KWA FILAMU YA KATUNI YA SEKUNDE 90 NA RATIBA MPYA

Rejea mkataba wetu na mazungumzo yetu ya simu ya asubuhi hii. Filamu tuliyoahidi kuikabidhi Ijumaa tarehe 4 Julai haitakuwa tayari siku hiyo. Tunaomba kuikabidhi Jumanne tarehe 29 Julai, siku nne kabla ya mkutano mkuu. Tunaomba radhi, hasa kwa kuwa mlikusudia kuitumia kwenye mikutano ya matawi.

Hadi Ijumaa iliyopita mwendo wa sekunde 50 kati ya 90 ulikuwa umekamilika. Tunaambatanisha sekunde hizo kama zilivyo, bila rangi, ili mjionee wenyewe. Tumechelewa kwa siku tisa za kazi. Siku sita ni kosa letu: tulikadiria kuchora sekunde saba na nusu kwa siku, na uhalisia umekuwa tano. Siku tatu zinatokana na kumchora upya mweka hazina katika shoti namba 9, 10, 14 na 17, kama bodi ilivyoagiza baada ya animatiki kupitishwa.

Kwa mwendo huo wa sekunde tano kwa siku, michoro itakamilika Jumatatu tarehe 30 Juni. Kusafisha mistari na kupaka rangi kutakamilika Jumatano tarehe 9 Julai, tukiiacha sikukuu ya Saba Saba. Kuunganisha picha kutaishia tarehe 14 Julai na kuchanganya sauti tarehe 16. Alhamisi tarehe 17 mtapokea nakala kamili ya kukagua, nasi tutangojea maoni yenu hadi Ijumaa tarehe 18, saa kumi jioni. Tarehe 21 hadi 23 tutafanya masahihisho. Tarehe 24, 25 na 28 tumeziacha wazi kwa ajili ya dharura. Zisipotumika, mtaipata filamu mapema.

Kwa ajili ya mikutano ya matawi, Ijumaa tarehe 4 Julai tutawakabidhi sekunde 30 za mwanzo, zenye rangi na sauti ya msimulizi, zinazoeleza namna ya kuomba mkopo. Sehemu hiyo haina mweka hazina na inaeleweka ikionyeshwa peke yake. Muziki wake hautakuwa wa mwisho.

Ili ratiba hii isimame tunawaomba mambo mawili. La kwanza, sura mpya ya mweka hazina tuliyoiambatanisha ipitishwe kabla ya saa kumi jioni, Jumatano tarehe 18 Juni. La pili, maoni ya nakala kamili yakusanywe na mtu mmoja na kuletwa kwa pamoja. Kila siku moja itakayoongezeka katika hayo mawili itasogeza makabidhiano kwa siku moja.

Hatutatoza gharama ya badiliko la mweka hazina, kwa kuwa sehemu kubwa ya ucheleweshaji ni yetu. Badiliko jingine lolote la wahusika au maneno tutaliandikia gharama na siku zake kabla ya kulianza. Kila Ijumaa mchana nitawatumia idadi ya sekunde zilizokamilika.

Wako katika kazi.

*

Msomaji makini ameshaona kitu. Tumechelewa siku tisa za kazi, lakini kutoka tarehe 4 hadi 29 Julai ni siku 17 za kazi. Nane nyingine zimetoka wapi?

Moja ni Saba Saba, ambayo mwaka ule iliangukia Jumatatu. Ratiba ya kwanza ilikuwa inaishia kabla ya sikukuu hiyo. Mara tu kazi ilipoivuka tarehe 4, sikukuu nayo ikaingia ndani. Moja ni siku ya pili ya mteja kukagua, kwa sababu tulikuwa tumempa siku moja, kana kwamba bodi yake inalala ukumbini ikingojea faili letu. Tatu ni za masahihisho. Ratiba ya kwanza haikuwa na hata siku moja ya masahihisho. Ilidhani mteja ataitazama filamu mara moja na kusema asante. Na tatu za mwisho ni akiba.

Wenzangu wawili walizipinga hizo nane. Walisema tukiomba siku tisa mteja atakasirika kidogo, tukiomba 17 atakasirika sana. Hoja yao ina maana, ila naiona ni ya hatari. Kuchelewa mara moja ni ajali ambayo wateja wengi wameizoea, hata kwa fundi cherehani na fundi seremala. Kuchelewa mara ya pili, baada ya barua ya kuomba radhi, ndiko kunakovunja kazi, kwa sababu tangu hapo hakuna tarehe yako itakayoaminiwa. Tungeandika tarehe 17 Julai tukaikosa, yule mama angekuwa na haki ya kutafuta watu wengine. Kwa hiyo siku unayoomba muda zaidi ndiyo siku ya kuomba wote unaouhitaji.

Fani hii ina mfano wake mkubwa. Richard Williams aliongoza uchoraji wa katuni katika filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya 1988, na wachoraji wengi hadi leo hujifunza kutoka kwenye kitabu chake. Filamu yake mwenyewe, The Thief and the Cobbler, aliianza katika miaka ya 1960. Alipopata hatimaye kampuni kubwa ya kuigharamia, alishindwa kuimaliza kwa tarehe iliyowekwa, na mwaka 1992 kampuni iliyokuwa imewadhamini wenye fedha dhidi ya ucheleweshaji iliichukua filamu mikononi mwake na kuwapa wengine waimalizie. Uzuri wa michoro yake haukumwokoa.

Katika barua yenyewe kuna vitu viwili ninavyovithamini kuliko vingine. Cha kwanza ni zile sekunde 50 zilizoambatanishwa. Maneno "kazi inaendelea vizuri" huandikwa hata na mtu ambaye hajaanza. Michoro michafu isiyo na rangi, ambapo mzee anainuka kitini na shuka lake linamfuata, haiwezi kughushiwa. Nilisita kuituma, kwa sababu mtu asiyezoea anaweza kuitazama akadhani ndivyo filamu itakavyokuwa, ndiyo maana nilimweleza mama kwa simu kwamba anachokiona ni nyumba kabla ya lipu.

Cha pili ni sekunde 30 za tarehe 4 Julai. Huwezi kukata kipande popote ukakikabidhi. Tulipitia animatiki tukatafuta mahali ambapo wazo limekamilika, sauti ya msimulizi imetua, na hakuna mhusika anayebadilishwa. Shoti saba za mwanzo zilifaa. Mpaka rangi alizitanguliza hizo badala ya kufuata mpangilio aliokuwa nao, na muunganishaji, ambaye vinginevyo angekaa bila kazi hadi tarehe 10 Julai, akazichukua kuanzia tarehe 30 Juni. Haikutuongezea hata siku moja kwenye filamu kubwa. Kwa mteja, ile tarehe ya mwanzo haikuwa tupu tena.

Hatua inayosahaulika sana ni kurenda, yaani kompyuta kuzipika fremu moja baada ya nyingine hadi ziwe picha kamili. Filamu yetu ilikuwa na fremu 2,250. Kila moja, pamoja na vivuli na mwanga, ilichukua dakika moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya saa 56 za kompyuta kufanya kazi bila kupumzika, na kosa likionekana kwenye shoti moja, shoti hiyo inarudi jikoni. Tulirenda kila fremu kama picha yenye namba yake, hatukurenda faili moja refu la video. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 1,400 unapoteza fremu moja tu. Kwa faili la video ungeweza kupoteza zote. Anayekuandikia ratiba muulize kurenda kumepewa muda gani. Akikosa jibu, tarehe yake haijahesabiwa.

Barua hii ingeweza kuandikwa mapema zaidi, na hilo linaniuma. Ijumaa ya tarehe 6 Juni, baada ya siku tano za kwanza, ukuta ulionyesha sekunde 24 mahali pa sekunde 37. Niliziona. Tukasemezana kwamba shoti rahisi ziko mbele na tutafidia. Wiki ya pili ikaleta sekunde 26, karibu sawa na ya kwanza. Mwendo wa kazi hauongezeki kwa kutamaniwa, na mteja angekuwa na wiki moja zaidi ya kupanga upya mikutano ya matawi kama ningempigia siku ile.

Meneja alijibu Jumanne kwa mistari mitatu: ratiba wameikubali, sura ya mweka hazina imepita isipokuwa kilemba kipunguzwe, na sekunde 30 watazihitaji kwenye flashi kwa sababu matawi mengine hayana mtandao wa kutegemewa.

Sekunde 30 zilifika tarehe 4 Julai. Mwendo ulikamilika tarehe 30 Juni kama tulivyoandika, kwa ile ile sekunde tano kila siku. Siku mbili za akiba zililiwa: moja kwa kuwa mama aliyetoa sauti ya mweka hazina alipata mafua na neno moja likarudiwa, nyingine kwa masahihisho yaliyozidi siku tatu. Tuliikabidhi filamu Jumatatu tarehe 28 Julai, saa nane mchana, siku moja kabla ya tarehe ya barua.